MAVAZI NYUMBANI NA UADILIFU WA MWENYE KUAMRISHA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewateremshia wanaadamu vazi la kusitiri tupu zao, akalifanya vazi la ucha Mungu kuwa bora kuliko yote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa magomvi yanayoingia katika nyumba za Waislamu, na hasa nyumba za watu waliohama kutoka nchi moja hadi nyingine, ni magomvi ya mavazi. Yako magomvi ya mtu anayeikataa sharia yenyewe, na hayo yana mlango wake. Lakini yako magomvi mengine, na ndiyo mengi zaidi, ambayo ndani yake anayeamrishwa haikatai sharia hata kidogo. Anachokisema ni neno moja tu: "Mbona mimi peke yangu?" Wazazi wengi hulisikia neno hili wakadhani ni utovu wa adabu. Katika mizani ya sharia si utovu wa adabu mpaka ithibiti hivyo. Neno hili ni madai, na madai husikilizwa, hutazamwa ushahidi wake, kisha hutolewa hukumu.

Na ili jambo lisibaki katika maneno matupu, na uchukuliwe mfano wa nyumba moja, mfano ambao msomaji huenda akaona ndani yake nyumba anayoijua.

TUKIO LENYEWE

Nyumba hiyo iko Maskati. Wenyewe ni watu waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964, wakapita huku na huko, kisha wakarudi katika nchi ya wazee wao baada ya 1970. Ndani yake yumo bibi mzee, mwanawe mwenye nyumba, mkewe, kijana wa miaka 19 na binti wa miaka 17. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, wageni wamekaa katika majlisi wakingoja chakula. Binti akapita kuwaamkia, akiwa tayari kutoka na mama yake kwenda kumzuru jamaa aliye mgonjwa. Amevaa buibui la rangi ya buluu iliyoiva, lina tarizi kidogo mikononi, na mtandio umefunika kichwa na kifua.

Baba yake akamwambia mbele ya wageni wote: "Rudi ukalivue hilo. Binti wa watu hatoki nyumbani akijitangaza."

Binti akasema: "Baba, nimejistiri. Kaka amekaa mbele ya wageni na kaptura, mapaja yako nje, wala hakuambiwa neno. Mbona mimi peke yangu?"

Baba akajibu: "Yeye ni mwanamume. Na wewe usishindane na amri ya Mwenyezi Mungu."

Binti akarudi chumbani analia, na hakwenda kumzuru mgonjwa. Siku tisa hakula pamoja na baba yake. Baba akaufahamu unyamavu wake kuwa ni kiburi, na binti akaifahamu amri ya baba yake kuwa ni chuki. Kila mmoja akawa anamhukumu mwenziwe kwa yale yaliyomo moyoni, ilhali yaliyomo moyoni hayajui ila Mwenyezi Mungu. Hivyo ndivyo pindo la nguo linavyogeuka kuwa ukuta baina ya mzazi na mtoto.

SUALI LA UMMU SALAMA

Kabla ya kulitazama tukio hili, ni wajibu kukumbuka kwamba suali kama la binti huyu liliwahi kuulizwa mbele ya mbora wa viumbe. Mtume (S.A.W.) alipotaja onyo kali juu ya mwenye kuburura nguo yake kwa kiburi, na kwamba Mwenyezi Mungu hatamtazama siku ya Kiyama, mke wake Ummu Salama, Mwenyezi Mungu amridhie, aliuliza: wanawake nao watafanyaje na pindo za nguo zao? Kwani akiambiwa mwanamke apandishe nguo yake kama apandishavyo mwanamume, atajifunua.

Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba wateremshe shubiri moja. Ummu Salama hakutosheka. Akasema kuwa kwa kipimo hicho miguu yao bado itaonekana. Basi Mtume (S.A.W.) akawaongezea, wateremshe dhiraa moja wala wasizidishe. Shubiri ni urefu wa kiganja kilichotandazwa, tangu ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho; na dhiraa ni shubiri mbili.

Na yazingatiwe yaliyomo katika khabari hii. Mwanamke aliisikia hukumu, akaona kwamba ikitekelezwa kwake kama ilivyo itamdhuru katika sitara yake, akauliza. Akapewa jibu, akaona halitoshi, akauliza mara ya pili. Hakuambiwa kwamba anashindana na amri ya Mwenyezi Mungu. Alipewa kipimo, kisha akapewa kipimo kingine kilicho kipana zaidi, na mwisho akawekewa mpaka. Kuuliza kwake hakukuipunguza sharia, bali kuliibainisha, na wanawake wa umma huu mpaka leo wananufaika na suali lake. Basi mzazi anayelifunga suali la mtoto wake kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na aangalie asije akaufunga mlango ambao Mtume (S.A.W.) aliuacha wazi.

TOFAUTI SI UPENDELEO

Khabari hiyo hiyo inafundisha jambo la pili, nalo linampasa binti kulijua kama linavyompasa baba. Si kila tofauti ni dhulma. Mwanamume ameamrishwa apandishe nguo yake, na mwanamke ameamrishwa ateremshe. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Said Al-Khudri, mpaka wa nguo ya muumini umewekwa katika nusu ya muundi, wala hapana ubaya baina ya hapo na vifundo vya miguu, na kinachoshuka chini ya vifundo kimo motoni. Maulamaa wa Oman wamelishika onyo hili kwa mwanamume hata akidai kwamba hana kiburi moyoni. Vilevile mwanamume ameharimishiwa hariri na dhahabu, na mwanamke ameruhusiwa. Hapa mwanamke amepewa wasaa na mwanamume amebanwa, wala haijasikiwa kwamba wanaume walilalamika kuwa wameonewa.

Kwa hiyo akisema binti, "Kwa nini mimi nifunike kichwa na kaka asifunike," jibu lake ni kwamba hiyo ni tofauti iliyowekwa na Mwenyewe Mtoa sharia, na kila mmoja ana fungu lake. Lakini binti wa nyumba ile hakusema hivyo. Alisema kwamba kaka yake anayo amri yake mwenyewe, nayo imeachwa. Na hilo ni kweli. Tupu ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na mapaja yamo ndani yake. Kijana aliyekaa mbele ya wageni na mapaja wazi ameuvunja mpaka wa wazi wa sharia, na kauli ya baba kwamba "yeye ni mwanamume" si udhuru. Kwani ni kwa sababu yeye ni mwanamume ndipo amri hiyo ikamwelekea.

Hii ndiyo mizani ya kutenganisha tofauti na upendeleo. Tofauti ni kila mmoja kutakiwa atimize amri yake, hata kama amri hizo si za sura moja. Upendeleo ni mmoja kutakiwa atimize yake na mwingine kusamehewa yake. Mtume (S.A.W.) alipoletewa na Bashir bin Saad jambo la zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, alimwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema la, Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa jambo hilo, akawaamrisha watu wamwogope Mungu na wawe waadilifu baina ya watoto wao. Ikiwa uadilifu umetakiwa katika zawadi, ambayo asili yake ni hiari, basi katika kukemea na kuadibisha unatakiwa zaidi.

Na msomaji akiifungua Suratun-Nur, ataona kwamba aya ya 30 inawaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao, kisha ndipo inapokuja aya ya 31 kuwaamrisha waumini wanawake. Wangapi wanaoihifadhi aya ya pili na kuisahau ya kwanza! Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, mwanamke wa kabila la Khath'am alimjia Mtume (S.A.W.) kumwuliza juu ya baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando, je, amhijie? Al-Fadhl bin Abbas, naye ni kijana aliyepanda nyuma ya Mtume (S.A.W.), akawa anamtazama mwanamke yule, naye anamtazama. Mtume (S.A.W.) akaugeuza uso wa Al-Fadhl upande mwingine, na akamjibu mwanamke suali lake. Mkono wa marekebisho ulimfikia kijana mwanamume, tena aliye jamaa wa karibu, na mwanamke akaondoka na jawabu la dini aliyoijia.

KADHI HAWI MDAIWA

Siku ya kumi, yule bibi mzee akawaita wote watatu chumbani kwake. Akamwambia mwanawe: "Mwanangu, kaa kitako. Siku ile ulikuwa kadhi, na leo wewe ni mdaiwa. Mtu hawi wote wawili katika shauri moja. Niachieni mimi nisikilize."

Maneno ya bibi huyu yana asili katika adabu za hukumu. Mtume (S.A.W.) amekataza mwamuzi asihukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu, na maulamaa wakalinganisha na ghadhabu kila linaloushughulisha moyo, kama njaa kali na usingizi. Na baba yule aliamrisha akiwa na njaa, mbele ya wageni, na kwa hofu ya watu watasema nini. Mambo matatu haya yakikusanyika, ni bora mtu anyamaze mpaka usiku.

Bibi akasema: "Lileteni hilo buibui lenyewe." Likaletwa, likatandazwa kitandani. Hii nayo ni hekima, kwani watu hugombana juu ya nguo siku tisa na nguo yenyewe imo kabatini, hakuna aliyeitazama. Kisha akamwuliza mwanawe: "Haya, sema kosa lake. Usiniambie ni baya. Niambie ni lipi."

Baba akataja mambo matatu: rangi yake si nyeusi, mikono yake ni mipana inafunuka, na ile tarizi ni pambo.

Sasa kila dai likatazamwa peke yake, kwa masharti ya sitara ambayo maulamaa wameyataja: nguo ifunike mwili wote wa mwanamke isipokuwa uso na viganja, iwe pana isiyobana, iwe nzito isiyoonyesha kilicho chini yake, isiwe yenyewe ni pambo la kuyavuta macho, wala isifanane na nguo ya wanaume.

Dai la rangi. Katika masharti haya hapana rangi. Ni kweli imepokewa kwamba wanawake wa Ansari walitoka, baada ya kuteremka amri ya sitara, wakiwa wamejifunika nguo nyeusi. Lakini hiyo ni khabari ya walivyofanya katika kuikimbilia amri, wala si amri ya kuichagua rangi. Bibi akamkumbusha mwanawe yale aliyoyaona kwa macho yake. Unguja mama yake alivaa buibui jeusi, na buibui lenyewe lilienea huko mwanzoni mwa karne ya 20, wala si vazi la tangu enzi. Alipofika Oman na kwenda bara kuwazuru jamaa, aliwakuta wanawake wazee, watu wa sala na Kurani, wamejistiri kwa leso na nguo za rangi, nyekundu na kijani, na hapana aliyewaambia kwamba hawana dini. "Mwanangu," akasema, "nyeusi ni ada yetu, nami naipenda. Lakini usimbebeshe mtoto ada ukamwambia ni aya."

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko nguo yenyewe. Kumnasibishia Mwenyezi Mungu amri ambayo hakuitoa ni dhambi nzito, na mwenye kuifanya anaweza kuwa amekusudia kheri. Isitoshe, mtoto akija kugundua kwamba moja katika aliyoambiwa ni haramu haikuwa haramu, huanza kuyatilia shaka yote, yaliyo kweli na yasiyo kweli. Mzazi ana haki ya kutiiwa katika jambo la halali, na akisema, "Mwanangu, mimi napenda uvae nyeusi," inampasa mtoto aangalie radhi zake kwa kadiri awezavyo. Basi na aseme hivyo. Asilifiche pendo lake nyuma ya jina la Mwenyezi Mungu.

Dai la mikono. Bibi akamwambia mjukuu wake alivae buibui, kisha anyanyue mkono kama anayefungua mlango wa gari. Mkono wa nguo ukateremka mpaka karibu na kisugudi. Hapa baba ana haki. Dhiraa ya mwanamke ni katika vinavyofunikwa, na nguo inayofunika mtu akiwa amesimama wima na kufunua anapotumia mikono yake haijatimiza kazi ya sitara. Binti akainamisha kichwa, kwani siku zote hizo alikuwa akijitetea kwa jumla na hakuwahi kulijaribu vazi lake. Dawa yake ilikuwa nyepesi: mikono ya ndani yenye mpira kwenye kifundo cha mkono, kazi ya cherehani ya nusu saa. Ama kulivua vazi zima na kuacha kumzuru mgonjwa, hilo halikuwa na haja.

Dai la tarizi. Hapa bibi alisita, na kusita kwake ni katika elimu. Sharia imekataza kuonyesha pambo, lakini haikuweka idadi ya nyuzi wala upana wa ukingo. Tarizi nyembamba ya rangi ile ile ya nguo si sawa na ile yenye kumetameta inayomwita mtu aliye mbali. Jambo la namna hii hupimwa kwa ada ya watu wema wa mahali hapo, na wanaolijua zaidi ni wanawake waaminifu kuliko wanaume. Ikabaki kwamba mama yake na shangazi yake watalitazama, na watakalolisema litafuatwa. Si kila suali linamalizwa kwa kikao kimoja, na asiyesita mahali pa kusita huishia kuzua.

HUKUMU YA MTU HAITOLEWI KWA PINDO LA NGUO

Maulamaa wa Ibadhi wamelipa jambo la wilaya na baraa umuhimu mkubwa, yaani kumpenda mtu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kujitenga naye kwa ajili yake. Kwa umuhimu huo huo wakaweka daraja ya tatu, nayo ni wukufu, kusimama bila ya kuhukumu mpaka jambo libainike. Mtu aliyejulikana kwa sala yake na ukweli wake, likionekana kwake jambo lenye kuchukulika kwa sura mbili, hatolewi katika wilaya kwa dhana. Huulizwa, huelezwa, hutakiwa toba ikiwa amekosa, na hutazamwa kama atashikilia au atarudi.

Baba wa nyumba ile aliyaruka yote hayo. Kwa kuona rangi ya buibui, alimhukumu binti yake kwamba anajitangaza, na hilo ni neno juu ya nia yake. Binti naye aliruka kutoka kwenye kosa la baba yake katika namna ya kusema, akahukumu kwamba baba yake anamchukia. Wote wawili walihitaji kusimama mahali pa wukufu, na kila mmoja amwulize mwenziwe kabla ya kumhukumu.

Ama namna ya kusema, mfano wake uko kwa Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie. Alipokuwa amelala na jeraha lililomuua, mwaka wa 23 Hijria, alikuja kijana akamsifu kwa mema yake. Kijana alipogeuka kuondoka, nguo yake ikawa inagusa ardhi. Umar akaagiza arudishwe, akamwita mtoto wa ndugu yake, akamwambia aipandishe nguo, kwani hivyo ni safi zaidi kwa nguo yake na ni ucha Mungu zaidi kwa Mola wake. Mtu anakufa, lakini hakuliacha kosa lipite kwa kuwa aliyelifanya amemsifu. Alimwita kwa jina la udugu, hakumwita kwa jina la kosa. Akamtajia jambo alifanye, akamtajia na sababu mbili, moja ya dunia na moja ya akhera, na hakusema neno lolote juu ya kiburi cha moyo wake.

Mfano wa upande wa pili wake ni Abu Bakr, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyesema kwamba upande mmoja wa nguo yake huteremka isipokuwa akiuangalia, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa yeye si katika wanaofanya hivyo kwa kiburi. Baadhi ya watu huichukua khabari hii kuwa ruhusa kwa wakubwa na watu wenye heshima. Lakini Abu Bakr alikuwa na nguo inayoteleza, naye anaiangalia na kuivuta. Hakuishona ndefu kisha akatafuta udhuru. Khabari yake ni udhuru wa aliyeshindwa, wala si kibali cha aliyekusudia. Na kama pangekuwa na mtu wa kusamehewa kwa nasaba yake, Mtume (S.A.W.) asingesema, alipoombewa yule mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, kwamba hata Fatima binti Muhammad angetekelezewa hukumu.

MWISHO WA TUKIO

Bibi alipomaliza na buibui, akamgeukia kijana. "Na wewe mjukuu wangu, kaptura hizo ni za chumbani kwako. Ukitoka mbele ya watu, magoti yafunikwe. Hili halina ada ndani yake, hili ni sharia." Kijana akakubali, akaona haya, kwani hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha akamtazama mwanawe miguuni, akasema taratibu: "Na wewe mwanangu, simama." Akasimama. Kanzu yake nyeupe, iliyoshonwa na fundi mzuri, ilikuwa imevifunika vifundo vya miguu, na pindo la nyuma limeingia weusi kwa kuburura. Alikuwa akisali nayo Ijumaa zote, akikaa safu ya mbele, na wala hakuna aliyemwambia, kwa kuwa ni mtu mwenye heshima yake. Hakuna aliyesema kitu chumbani mle. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, amewaamrisha waumini wausimamishe uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zao wenyewe, au wazazi wao na jamaa zao. Na nafsi imetajwa mwanzo.

Kesho yake kanzu nne zikapelekwa kwa fundi, akazipandisha juu ya vifundo kwa upana wa vidole viwili. Mikono ya ndani ikashonwa. Mama na shangazi wakaitazama tarizi, wakaona haina ubaya isipokuwa ukingo mmoja uliokuwa unamemeta, wakautoa. Katika rangi, baba akamwambia binti yake: "Hii ni raghba yangu, si hukumu." Binti akasema atavaa nyeusi anapofuatana na baba yake, na buluu anapokuwa na mama yake, na baba akaridhika.

Likabaki jambo moja, nalo lilikuwa gumu kwa baba kuliko kanzu. Maulamaa wamesema kwamba kosa la siri toba yake ni ya siri, na kosa la dhahiri toba yake ni ya dhahiri. Binti alikemewa mbele ya wageni, basi kumtaka radhi jikoni hakutoshi. Ijumaa iliyofuata, walipokusanyika watu wale wale, baba akasema mbele yao kwamba wiki ile alimwambia binti yake neno ambalo hakustahiki, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na nguo ya kutengenezwa. Mmoja wa wageni akatazama pindo lake mwenyewe, akaivuta miguu chini ya kanzu. Binti alikuwa nyuma ya mlango, amelisikia neno hilo lote. Mchana ule akala pamoja na baba yake.

Basi mwenye kuamrisha mavazi katika nyumba yake, na ajiulize kabla ya kufungua mdomo: Je, hili ni sharia au ni ada au ni raghba yangu? Je, kila mtu wa nyumba hii ametakiwa atimize fungu lake, nami nikiwa wa kwanza? Je, hapa ni mahali pa kulisema? Na mwenye kuamrishwa naye ajiulize: Je, nimelitazama vazi langu kwa masharti yake, au ninajitetea tu kwa kosa la mwenzangu? Kwani kaptura ya kaka haikuifunika dhiraa ya dada, na dhiraa ya dada haikulipandisha pindo la baba.

Ewe Mola wetu, tusitiri duniani na akhera, tuvishe vazi la ucha Mungu, na utuepushe na kukunasibishia usiyoyasema. Wajaalie wazazi wetu wawe waadilifu katika amri zao, na watoto wetu wawe wapole katika masuali yao. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.